Ombi la Kufunguliwa Anwani ya IP Baada ya Seva Kudukuliwa: Nini Kithibitishwe, Nini Kiandikwe

1. Utangulizi

Mteja aliyefungiwa anwani ya IP mara nyingi huandika hivi: "Nimeshasafisha seva, tafadhali nifungulieni." Afisa wa msaada akiusoma ujumbe huo hana cha kushika. Akifungua kisha barua taka zikaanza upya, wateja jirani nao huumia, kwa kuwa orodha za kuzuia barua taka, kama zile za Spamhaus, zinaweza kuzuia fungu zima la anwani. Hoja yangu ni kwamba ombi lenye uzito ni lile linaloonyesha mdukuzi aliingilia wapi na njia hiyo imezibwaje.

2. Kuifikia seva iliyofungiwa

Anwani ikishafungwa, SSH nayo hukatika. Mteja huingia kwa konsoli iliyo kwenye paneli ya mtoa huduma. Kama haipo, ujumbe wa kwanza uombe jambo dogo tu: mlango wa 22 ufunguliwe kwa anwani ya ofisi yake pekee. Hilo halimtishi mtoa huduma, kwani mlango wa 25 unaotoa barua unabaki umefungwa.

3. Mfano

Tuchukue mfano wa duka la mtandaoni la Arusha linalotumia WordPress. Taarifa ya mtoa huduma inasema barua taka zilitoka saa 02:14 UTC. Mteja akitafuta 02:14 kwenye logi yake haoni kitu, kwa sababu seva yake inafuata saa za Afrika Mashariki. Tukio lilikuwa 05:14, yaani saa 11 na dakika 14 alfajiri.

Akishapata saa sahihi, anaikagua foleni ya barua, anafungua barua moja, kisha anatazama kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe:

```
postqueue -p
postcat -q 4F2A91C03D
crontab -u www-data -l
```

Ndani ya barua kuna mstari `X-PHP-Originating-Script: 33:cache.php`. Namba 33 ni ya mtumiaji `www-data` kwenye Debian, na `cache.php` ndilo faili lililotuma. Faili hilo linapatikana kwenye folda ya picha, `wp-content/uploads`, mahali ambapo faili la PHP halina kazi. Logi inaonyesha kuwa kabla halijaitwa kwa mara ya kwanza, mgeni huyohuyo aliyeliita alipakia kitu kupitia fomu ya plagini iliyopitwa na wakati. Hapo ndipo alipoingilia.

Amri ya tatu inafichua kinachowarudisha wengi kifungoni: mstari unaolipakua upya `cache.php` kila baada ya dakika 10. Aliyefuta faili na kuuacha mstari huo angefungiwa tena siku hiyohiyo.

4. Ujumbe wenyewe

Baada ya kazi hiyo, mteja anaweza kuandika:

> Habari za kazi. Naomba anwani 203.0.113.24 ifunguliwe, kwa kurejelea tiketi yenu ya kufungiwa. Barua zilitumwa na `cache.php`, iliyopakiwa kupitia plagini ya fomu ambayo sikuwa nimeisasisha. Nimeondoa plagini hiyo, faili hilo na mstari wa cron uliokuwa ukilirudisha. Nimezuia PHP isiendeshwe ndani ya `uploads`. Nimebadilisha nywila za hifadhidata, za wasimamizi na za SSH. Foleni ya barua ni tupu. Nimeambatisha vipande vya logi. Mkipenda, acheni mlango wa 25 ukiwa umefungwa kwa saa 48 huku mkiangalia. Ahsanteni.

Nywila ya hifadhidata imetajwa kwa sababu `wp-config.php` huihifadhi bila kuificha, na `www-data` hulisoma faili hilo. Aliyeendesha `cache.php` angeweza kuiona. Pendekezo la saa 48 linampa afisa nafasi ya kurudisha tovuti hewani bila kuhatarisha wengine.

5. Mipaka

Ujumbe huu unafaa pale mdukuzi alipoishia kwenye mamlaka ya `www-data`. Ukiona ufunguo usioujua ndani ya `/root/.ssh/authorized_keys`, au programu ngeni inayoendeshwa na `root`, usiandike kwamba umesafisha. Mwenye mamlaka hayo anaweza kubadilisha hata amri unazozitumia kukagua, hivyo majibu ya amri hizo hayaaminiki. Sakinisha mfumo upya, rudisha data kutoka nakala iliyotangulia uvamizi, ziba njia aliyoingilia, kisha ndipo uombe.

Pia, mtoa huduma akifungua anwani haiondoi kwenye orodha za kuzuia barua. Mteja aitafute huko yeye mwenyewe na kuomba iondolewe, ila afanye hivyo barua taka zikiwa zimekoma kabisa. Ikiorodheshwa tena, ombi la pili litakuwa gumu kuliko la kwanza.