Dola 135 zilikuwa wapi?

Wandugu wanachama, na nyinyi mnaotusaidia, duka letu la chumvi na sabuni hapa Kisangani lilifunga mwezi na maneno mengi. Upande wa banki, daftari letu lilisema dola 1.240. Karatasi ya banki ilisema 1.105. Wengine walianza kumtazama mwekahazina vibaya.

Basi tulikaa wawili: mmoja anasoma karatasi ya banki, mwingine anatia alama kwenye daftari. Kila kilichoonekana pande zote mbili, alama. Mwishoni vilibaki viwili tu bila alama. Dola 5 banki ilikata kwa kutunza konti, sisi hatukuandika. Na dola 130 za mauzo, daftarini mara mbili: siku tuliyopeleka pesa, na tena bordero iliporudi. Tarehe tofauti, lakini namba ya bordero ni moja! Hapo ndipo tulipolikamata.

Hatukufuta kitu. Tuliandika mistari miwili ya kutoa, 5 na 130, na sababu pembeni. Daftari likashuka mpaka 1.105. Mwekahazina tulimwomba radhi mbele ya wote.