Barua ya Kumwachisha Mtu Kazi: Sehemu Nne Zinazobeba Uzito

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa masuala ya wafanyakazi katika mafunzo ya siku moja ya makarani wapya na wenye biashara ndogo ndogo. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakuweza kufika.



Asubuhi ya leo nitazungumza juu ya barua moja tu, ile ambayo wengi wetu tunaiogopa: barua ya kumwachisha mtu kazi. Sitaigusa yote. Nitachukua sehemu nne, ambazo ni nambari ya kumbukumbu, salamu, kichwa cha barua na hitimisho. Makarani wengi huzijaza haraka haraka kwa kunakili barua ya zamani, kisha wanatumia nguvu zao zote kwenye aya za katikati. Lakini mzozo ukifika kwa afisa wa leba, sehemu hizo nne ndizo husomwa kwanza.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Kuna kinu cha kusaga mahindi chenye wafanyakazi sita. Mwenye kinu ameamua kufunga mashine moja kati ya mbili kwa sababu kazi imepungua. Mwendesha mashine hiyo, ambaye tutamwita Bi. Fulani, aliajiriwa tarehe 1 Machi 2019 na analipwa shilingi 24,000 kwa mwezi. Hana kosa lolote, ila kazi yake haipo tena.

Tuanze na nambari ya kumbukumbu. Hukaa juu, karibu na tarehe, na huandikwa hivi:

KUMB. NA.: KIN/WAF/014/(8)

Kila kipande kina maana. KIN ni kifupi cha jina la kinu. WAF ni wafanyakazi, yaani aina ya faili. 014 ni faili ya Bi. Fulani peke yake. Nambari iliyo ndani ya mabano, 8, inaonyesha kwamba hii ni karatasi ya nane katika faili hiyo. Mkiifungua faili mtakuta karatasi ya 1 ni barua ya kuajiriwa, na kuendelea hivyo hadi ya 8.

Faida yake ni hii. Mtu anapoachishwa kazi kwa sababu nafasi yake imeondolewa, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataka hatua zifuatane. Kwanza mwajiri anatoa notisi ya nia yake, akieleza sababu, angalau mwezi mmoja kabla. Kama mfanyakazi ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, notisi hiyo hupelekwa kwa chama na kwa afisa wa leba. Kama si mwanachama, hupewa yeye mwenyewe kwa maandishi, na afisa wa leba pia hujulishwa. Barua ya kuachishwa kazi huja baadaye.

Kwa Bi. Fulani, ambaye si mwanachama wa chama, notisi ya nia ni karatasi ya 6, ya tarehe 2 Aprili 2024. Kumbukumbu za kikao alichofanya na mwajiri ni karatasi ya 7, ya tarehe 17 Aprili. Barua yenyewe ni karatasi ya 8, ya tarehe 6 Mei. Aya ya kwanza ya barua hiyo inasema: "Tunarejelea notisi yetu KUMB. NA. KIN/WAF/014/(6) ya tarehe 2 Aprili 2024." Yeyote anayeisoma anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Sasa angalieni mahali mambo huharibika. Karani anabuni nambari baada ya barua kuchapishwa. Au ananakili barua ya mfanyakazi mwingine na kusahau kubadilisha 014. Au barua ya 8 ina tarehe ya Machi ilhali ya 6 ni ya Aprili. Dawa yake ni daftari la barua zinazotoka. Andika nambari, tarehe, jina la anayeandikiwa na kichwa cha barua kabla ya kuchapisha, si baada ya kuituma. Nambari zikienda mbele huku tarehe zikirudi nyuma, anayekagua ataanza kushuku kwamba karatasi ziliandikwa baada ya mzozo kuanza.

Sehemu ya pili ni salamu. Baada ya anwani ya mwajiri na ya mfanyakazi, andika: "Kwa Bi. Fulani," ukitaja jina lake kama lilivyo katika mkataba na kitambulisho. Jina la utani analoitwa kazini halifai hapa. "Mpendwa" pia halifai, kwa maana barua hii haina mapenzi, na mpokeaji anaweza kuona kama anadhihakiwa.

Kosa kubwa zaidi ni salamu ya jumla, kama "Kwa wafanyakazi wote" au "Kwa anayehusika". Tangazo la ubaoni linaweza kuwapa watu habari, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya notisi ambayo sheria inataka apewe mfanyakazi mwenyewe. Kama mnaachisha watatu, andikeni barua tatu, zenye salamu tatu na nambari tatu za kumbukumbu.

Sehemu ya tatu ni kichwa cha barua, ule mstari unaofuata salamu, wa herufi kubwa na uliopigiwa mstari chini. Wengine huanza na KUH:, wengine MINT:. Zote zinakubalika, bora ofisi ishike moja. Mstari huu unastahili muda zaidi kwa sababu ndio unaoipa barua jina, na jina hilo lina fedha ndani yake.

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "amefutwa", "amesimamishwa" au "ameachishwa" kana kwamba ni kitu kimoja. Ndani ya barua, kila neno lina njia yake. Kusimamishwa kazi ni kwa muda, na mkataba bado upo. Kufutwa kazi papo hapo ni kwa kosa kubwa, bila notisi au kwa notisi fupi kuliko ile anayostahili. Kabla ya hapo, kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Kuachishwa kwa sababu nafasi imeondolewa si kosa la mfanyakazi, na ndiko pekee kati ya haya kunakoleta malipo ya kuagwa chini ya kifungu cha 40.

Basi karani wa kinu akinakili barua ya zamani na kuandika "KUH: KUFUTWA KAZI", huku aya za chini zikisema kazi imepungua, barua inajipinga yenyewe. Bi. Fulani anatoka na karatasi inayomfanya aonekane mkosaji mbele ya mwajiri mwingine. Anaweza pia kuambiwa kwamba aliyefutwa hana malipo ya kuagwa. Mwajiri naye ataulizwa: kosa lilikuwa lipi, na alisikilizwa lini? Hana jibu, kwa sababu kosa halikuwapo.

Tufanye hesabu tuone kilicho hatarini. Sheria inataka malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tukigawa shilingi 24,000 kwa siku 30, mshahara wa siku ni 800. Siku 15 ni shilingi 12,000. Amekamilisha miaka 5, kwa hivyo ni shilingi 60,000. Hapo hatujaongeza siku za likizo ambazo hakuchukua, wala mshahara wa mwezi mmoja iwapo hatapewa notisi ya mwezi. Kichwa sahihi ni hiki:

KUH: KUACHISHWA KAZI KWA SABABU YA KUONDOLEWA KWA NAFASI YA MWENDESHA MASHINE, KUANZIA TAREHE 7 JUNI 2024

Kinasema ni nini, kwa nini na lini. Ukimaliza kuandika aya zako, rudi ukisome kichwa tena. Kama aya zinasimulia jambo lingine, badilisha kilicho na makosa kabla ya kutia sahihi.

Sehemu ya mwisho ni hitimisho. Aya ya kufunga iwe fupi: siku ya mwisho kazini, malipo gani yatatolewa na lini, vitu gani arudishe, na kwamba atapewa cheti cha utumishi. Cheti hicho ni haki ya kila aliyefanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Msimalizie na "tunatumaini utaelewa". Kisha:

Wako mwaminifu,
(Sahihi)
Jina kamili
Cheo
Nakala: Afisa wa Leba

Sahihi bila jina na cheo haionyeshi ni nani aliyeamua. Muhuri unasaidia, lakini hauwezi kusimama badala ya sahihi. Neno "Nakala" lisiandikwe kama pambo: kama umemtaja afisa wa leba, barua imfikie kweli, na uhifadhi uthibitisho wa kupokelewa.

Chini kabisa acheni nafasi ya mpokeaji: "Nimepokea barua hii. Jina, sahihi, tarehe." Tarehe hiyo ni muhimu kwa pande zote mbili, kwa sababu muda wa notisi huhesabiwa tangu notisi inapotolewa, si tangu ilipochapishwa. Barua ya tarehe 6 Mei iliyokaa kwenye droo hadi tarehe 20 haijampa Bi. Fulani mwezi mzima kufikia tarehe 7 Juni.

Baada ya mazungumzo, maswali mawili yaliulizwa.

Swali: Nikitia sahihi kwamba nimepokea, je, nimekubali kuachishwa?

Jibu: Hapana, mradi maneno uliyotia sahihi yanasema umepokea tu. Yasome kwanza. Kama yanasema "nimekubali na sina dai lolote", hilo ni jambo lingine, na una haki ya kuomba muda wa kutafuta ushauri. Ukiona umeonewa, peleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3 tangu siku ulipoachishwa. Nenda na barua hiyo na mkataba wako.

Swali: Mzee wangu wa bustani hajui kusoma. Nimwandikie ya nini?

Jibu: Mwandikie, kisha umweleze. Kifungu cha 35 kinasema kwamba mfanyakazi asiyeweza kuielewa notisi lazima aelezwe kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa. Mweleze mbele ya shahidi anayemwamini, na shahidi huyo aandike jina lake na tarehe chini ya barua. Maelezo hayo hayaondoi barua, nayo barua haiondoi maelezo.