Nani Alifungasha, Nani Alipakia: Mali Inapoharibika Wakati wa Kuhama



Mazungumzo ya leo yanahusu sentensi moja ambayo wengi waliowahi kuhama wameisikia mara tu mlango wa lori unapofunguliwa na sahani kukutwa vipande. Mwenye lori husema: "Hizi katoni ulifungasha mwenyewe. Sisi tulibeba tu." Mara nyingi maneno hayo humaliza mjadala. Mwenye mali huona aibu, hulipa salio la nauli, na lori huondoka.

Wakati mwingine mwenye lori ana haki ya kusema hivyo, na wakati mwingine hana. Kiswahili chenyewe kinasaidia hapa, kwa kuwa kina maneno mawili kwa kazi mbili. Kufungasha ni kutia vitu ndani ya katoni, kuvizungushia karatasi na kuifunga. Kupakia ni kuipandisha katoni ile kwenye lori, kuipangia mahali, kuikaza kwa kamba na kuifunika. Aliyefungasha hubeba lawama ya ufungashaji mbaya. Aliyepakia na kuendesha hubeba lawama ya upakiaji na safari. Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu lawama ya kazi moja husukumiwa aliyefanya kazi nyingine.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyepewa uhamisho kutoka Kakamega kwenda Eldoret. Anaishi Amalemba. Anakodi lori dogo, lile tunaloliita kanta, pamoja na vijana watatu wa mwenye lori, kwa shilingi 16,000. Ili kupunguza gharama, anafungasha katoni 14 mwenyewe usiku kucha. Vijana wanafungasha televisheni na kabati la vioo. Saa nane mchana lori linashika njia ya Malava na Webuye. Mvua ya alasiri, ambayo kila mtu hapa anaijua, inalikuta kabla halijafika Webuye.

Kule Eldoret, vitu vinne vimeharibika. Televisheni imepasuka kioo. Katoni ya sahani ni safi kwa nje, lakini ukiitikisa inalia. Ndani, sahani 11 kati ya 24 zimevunjika. Katoni ya tatu imebonyea pembeni, juu yake kumelazwa mtungi wa gesi, na mashine ya kusagia matunda iliyokuwa ndani imepasuka. Katoni ya nne imelowa hadi chini, na ndani yake mna nguo na vyeti vya masomo.

Mwenye lori anatoa jibu lilelile kwa vitu vyote: "Mwalimu, hizi katoni ulifungasha mwenyewe."

Kwa televisheni jibu hilo halina nguvu. Vijana wake ndio waliofungasha na ndio waliopakia, na waliilaza chini ya godoro ilhali televisheni bapa hubebwa ikiwa wima. Sheria ya mkataba na ya uchukuzi tunayoitumia Kenya ni rahisi kwenye jambo hili: anayepokea mali ya mtu kwa malipo ni lazima aitunze kwa uangalifu wa kutosha. Akiipokea ikiwa nzima na kuikabidhi ikiwa imevunjika, yeye ndiye anayetakiwa kueleza ilivyotokea. Bila maelezo ya maana, atalipa.

Kwa sahani, mwenye lori ana haki. Mwalimu alizilaza moja juu ya nyingine, akaweka gazeti moja tu juu kabisa. Sahani zikilazwa hivyo, ile ya chini hubeba uzito wa zote, na kila tuta la barabarani huzigonga pamoja. Katoni yenyewe haikubonyea, haikulowa, wala gundi ya kufungia haikukatwa. Kasoro iko ndani, na ndani palikuwa pa mwalimu. Mchukuzi halipi kwa uharibifu unaotokana na ufungashaji mbaya wa mwenye mali.

Katoni mbili zilizobaki ndizo zinazowaponyoka watu. Ni kweli mwalimu alizifungasha. Lakini hakuweka mtungi wa gesi juu ya katoni. Aliyepanga mizigo ndiye aliyeuweka. Wala turubai halikuachwa wazi na mwalimu. Hata kama mashine ile ingezungushiwa karatasi kwa ustadi wote, mtungi ungeiponda. Hata kama nguo zingekunjwa vizuri namna gani, maji yangeingia. Ukiona kwamba uharibifu ungetokea bila kujali ufungashaji ulikuwaje, basi "ulifungasha mwenyewe" si jibu tena.

Ndiyo maana katoni yenyewe ni shahidi. Kona iliyopondeka, ubavu uliotuna, alama ya kiatu, unyevu, gundi iliyokatwa: hizo zinaonyesha kwamba kitu kilitendeka kwa nje. Katoni safi inayolia ikitikiswa inaonyesha tatizo la ndani. Kipimo hiki kina mpaka wake. Katoni ikiangushwa kwa kitako inaweza kuvunja vyombo na bado ikaonekana nzima, kwa hiyo igeuzwe na chini yake pakaguliwe. Na kama katoni tano zilizofungashwa vizuri, za watu tofauti au za vyumba tofauti, zote zimevunjika ndani bila alama nje, basi mwendo wa dereva juu ya matuta unastahili kuulizwa.

Katoni iliyofungwa ina ugumu mwingine kwa mwenye mali. Mwenye lori hakuona kilichomo. Anaweza kusema mashine ilikuwa imepasuka tangu nyumbani, au haikuwemo kabisa. Hapo mzigo wa kuthibitisha unamgeukia aliyefungasha. Simu ya mkononi inatosha kuubeba: picha moja ya kitu kikiwa kizima, picha ya pili kikiwa ndani ya katoni pamoja na karatasi zake, na ya tatu katoni ikiwa imefungwa na namba imeandikwa kwa kalamu nzito. Namba ileile iingie kwenye orodha. Mchukuzi makini naye ataandika kwenye orodha hiyo "imefungashwa na mwenyewe" mbele ya kila katoni ambayo watu wake hawakuigusa. Msikatae kuandikiwa hivyo kama ni kweli, lakini someni orodha nzima kabla ya kutia sahihi, maana imewahi kuonekana maneno hayo yakiandikwa hata mbele ya kabati.

Wanaofungasha wenyewe wanaweza kufanya kazi isiyo na kasoro. Sahani zisimamishwe kwa ukingo, kila moja ndani ya karatasi yake, juu ya tabaka la karatasi zilizofinyangwa lenye unene wa vidole vinne hivi. Nafasi zote zijazwe hadi katoni isitoe sauti. Vitabu viingie katoni ndogo, kwa sababu katoni ambayo mtu mmoja hawezi kuinua peke yake ndiyo inayodondoshwa. Na katoni kuukuu ya dukani iliyowahi kulowa imeshapoteza nguvu, hata ikikauka.

Wako pia wanaokodi lori peke yake, kisha wakaita vijana wa mtaani wapakie. Hapo mambo hubadilika. Vijana hao ni wako, si wa mwenye lori, na wakiweka mtungi juu ya katoni utakuwa umefungasha na kupakia mwenyewe. Mwenye lori atabaki na dhima ya uendeshaji na ya lori lake, na ni vigumu sana kumdai zaidi ya hapo. Shilingi 2,000 zilizookolewa kwa njia hiyo zinaweza kuwa ghali.

Kuhusu bima, stika iliyo kwenye kioo cha lori isimdanganye mtu. Bima ya lazima ya gari inahusu watu wanaoumizwa barabarani, si makochi yaliyo nyuma. Mizigo huhitaji bima yake ya safarini. Hata hiyo, mikataba mingi huondoa vitu vinavyovunjika ndani ya katoni zilizofungashwa na mwenye mali, isipokuwa lori likipinduka, likiungua au katoni nzima ikipotea. Kwa ofisi inayohama na kompyuta zake, sentensi hiyo isomwe kabla ya fundi wa ofisi kuanza kuzitia kwenye katoni. Pengine ni nafuu kumlipa mchukuzi azifungashe yeye.

Sasa turudi Eldoret. Mwalimu alifanya mambo mawili yaliyomwokoa. Kwanza, alipiga picha mtungi ukiwa bado juu ya katoni, kabla haujaguswa. Pili, alipoletewa karatasi iliyosema "mali imepokelewa ikiwa salama", hakutia sahihi hivyohivyo. Aliandika kando: "Televisheni imepasuka. Katoni 7 imebonyea, katoni 9 imelowa. Nyingine hazijafunguliwa." Kisha akasaini. Hakutupa katoni wala vipande, na siku tatu baadaye alimpelekea mwenye lori barua yenye picha, orodha na madai.

Alidai shilingi 22,000 za televisheni, thamani yake ikiwa imetumika miaka minne, si bei ya mpya dukani. Aliongeza 3,500 za mashine na 1,800 za kufua na kurekebisha nguo, pamoja na gharama ya kupata vyeti vingine kwa risiti. Sahani hakuzidai. Kuziacha kulimsaidia, kwa kuwa mwenye lori hakuweza kusema kwamba mwalimu anamtwika kila kitu.

Mwenye lori alionyesha mstari chini ya risiti: "Kampuni haihusiki na uharibifu wowote." Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inachukulia kwamba anayeuza huduma ameahidi huduma ya ubora unaokubalika, na ahadi hiyo haifutwi kwa maandishi ya risiti. Kuacha turubai bila kufungwa wakati mvua inanyesha si huduma ya ubora huo.

Wasipopatana, dai la aina hii linafaa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya huduma na ya mali iliyoharibiwa. Mdai anaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mahakama hiyo haibanwi sana na kanuni za ushahidi, kwa hiyo picha za simu na ujumbe wa nauli hupokewa bila vikwazo vingi. Masijala ya mahakama itaeleza dai lifunguliwe wapi, ikiwa lori ni la mji mmoja na mzigo ulishushwa mji mwingine.

Kwenye mfano wetu hawakufika huko. Mwenye lori alipoiona picha ya mtungi aliuliza tu, "Nani aliuweka pale?" Kijana mmoja akainamisha kichwa. Walikubaliana shilingi 26,000 pamoja na gharama ya vyeti, katika awamu mbili, na wakaandikishana mbele ya shahidi. Mtungi wa gesi ulikuwa mzima.