Kupima Mayai ya Gulioni kwa Macho, Mkono na Sikio

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mayai yauzwayo sokoni katika makapu, yasiyo na maandishi wala tarehe. Mnunuzi hana cha kusoma ila yai lenyewe.

Jumamosi moja tulikwenda gulioni kumnunulia mayai mwenzetu aliyekuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa. Tulichagua kumi na mawili yaliyo safi na yenye kung'aa, tukayaacha yaliyofifia. Asubuhi tulipoyapasua, manne yalikuwa viza. Harufu yake ilimchafua roho mgonjwa, asitake chakula siku nzima.

Juma la pili tulimrudia mama yule aliyetuuzia. "Pole, Mwalimu," alisema. "Kuku wangu alitagia kichakani, na watoto walikuta kiota kimejaa. Nami niliyaosha mayai ili yapendeze." Maneno hayo yalitufumbua macho. Kuku hatagi zaidi ya yai moja kwa siku, na siku nyingine hupumzika. Basi kiota chenye mayai kumi na mawili huweza kuwa na yai la leo pamoja na yai la majuma mawili yaliyopita. Kwa hiyo kila yai lapaswa kupimwa peke yake.

Kwanza tutazame ganda. Ganda lina vitundu vidogo sana, maelfu kwa maelfu. Yai linapotagwa huwa na utando mwembamba wa majimaji, nao ukikauka huziba vitundu hivyo, na mara nyingi ganda huonekana kama lililopakwa vumbi la chaki. Yai likioshwa, utando huo huharibika, na uchafu huweza kupenya ndani pamoja na maji. Kadhalika yai lililolaliwa na kuku husuguliwa na manyoya hata likawa laini na kung'aa. Basi mng'ao ule tulioupenda ulipasa kututia shaka. Lakini weupe au wekundu wa ganda si dalili ya umri. Hiyo hutokana na aina ya kuku.

Pili ni uzito. Maji ya yai hutoka kidogo kidogo kwa njia ya vitundu vile, na mahali pake huingia hewa, ambayo hukusanyika upande ule mnene wa yai. Yai la gramu 45 likiatamiwa siku 18 hupungua gramu 5 au 6 hivi. Likikaa kapuni tu hupungua polepole zaidi. Mkono hauwezi kutambua tofauti ya siku mbili tatu, bali ya majuma huitambua. Twaa mayai mawili yenye ukubwa sawa, moja katika kila kiganja, kisha yabadilishe mikono, maana mkono mmoja huweza kukudanganya. Lililo jepesi lirudishe.

Tatu ni sauti. Liweke yai karibu na sikio, ulitikise polepole mara moja au mbili. Yai jipya hunyamaza, kwa kuwa limejaa na ute wake ni mzito. La zamani ute wake umekuwa majimaji na ndani mna nafasi, basi husikika likichezacheza. Kisha gonganisha mayai mawili taratibu sana. Yaliyo mazima hutoa mlio mkali. Lenye ufa hutoa mlio mzito wa chungu kilichopasuka, hata kama jicho halikuuona ufa wenyewe.

Siku ile, mbele ya yule mama, tulishika mayai kumi na mawili. Mawili yalikuwa yaking'aa, moja lilikuwa jepesi kuliko mwenzake, na moja lililia sikioni. Tukanunua manane. Nyumbani saba yalikuwa mema, lakini la nane lilikuwa na mishipa myekundu ndani. Hapo tulijifunza mpaka wa elimu hii. Yai linalolia limejishitaki lenyewe, bali linalonyamaza bado halijashinda kesi. Lililoatamiwa siku nne au tano halijapungua sana, wala halilii.

Kwa hiyo kazi haimaliziki gulioni. Nyumbani, ingia chumba chenye giza, uliweke yai mbele ya tundu dogo lipitishalo mwanga wa jua. Yai jema huonekana jeupe lenye mwanga ndani yake. Lililoanza kuwa kifaranga huonyesha mishipa kama buibui mwekundu. Na hata baada ya hayo, lipasue kila yai katika kikombe chake kabla ya kulichanganya na mengine, ili yai moja viza lisiharibu saba yaliyo mema.