Kuzuia TikTok Isikupendekeze kwa Wanaokujua

Chukueni mfano wa mama aliyemkimbia mume mkatili. Akafungua akaunti ya TikTok kwa jina jingine, lakini mume akapendekezewa akaunti hiyo hiyo. Kilichomfichua ni nambari ya simu: mama aliitumia kujisajili, na mume bado ameihifadhi kwenye simu yake.

Mama afungue Settings and privacy, kisha Privacy, aingie Sync contacts and Facebook friends. Akizima Contacts, nambari mpya hazitapakiwa tena, ila za zamani hubaki mpaka abonyeze Remove previously synced contacts. Wengi huishia kwenye kuzima tu.

Hata hivyo, hapo amefuta orodha yake, si ya mume. Kwa hiyo arudi Privacy, afungue Suggest your account to others, azime Contacts na vitufe vyote vilivyomo. People with mutual connections kisisahaulike, maana wifi mmoja tu anayemfuata anatosha kuwaunganisha. Na kwa kuwa mume ameshaiona akaunti, vitufe hivi havitamwondoa. Huyo afungiwe kwa Block.