Ukinunua kwa dola na kuuza kwa shilingi

Leo tuzungumze na wewe unayeuza vitenge katika kambi ya Nakivale, nchini Uganda. Muuzaji wa jumla wa Kampala anakutajia bei kwa dola, lakini wateja wako wanalipa kwa shilingi.

Tuchukue mfano. Umenunua vipande 40, kila kimoja dola 8, jumla dola 320. Siku ile dola moja ilikuwa shilingi 3,700, kwa hiyo kipande kilikugharimu shilingi 29,600. Nauli na mzigo vilikula shilingi 100,000, yaani 2,500 kwa kila kipande. Gharama ikawa 32,100. Ukauza kwa 36,000 na kupata faida ya 3,900.

Vipande vyote vikaisha. Mkononi una shilingi 1,440,000. Ukatoa faida yako, 156,000, kwa chakula na karo. Ukaweka kando 100,000 za safari. Zikabaki 1,184,000. Lakini sasa dola imepanda hadi 3,900. Fedha hizo zinakupa dola 303 tu, nazo zinatosha vipande 37. Daftari linasema umepata faida, ilhali mzigo umepungua kwa vipande vitatu. Safari za namna hiyo zikirudiarudia, mzigo unazidi kupungua mezani.

Kwa hiyo, usipange bei kwa kuangalia ulinunua kwa shilingi ngapi. Jiulize: nikitaka kukirudisha kipande hiki leo, nitalipa ngapi? Dola 8 mara 3,900 ni 31,200. Ongeza 2,500 za safari, halafu 3,900 za faida. Unapata 37,600. Hiyo ndiyo bei ya leo, hata kwa vitenge ulivyonunua zamani.

Angalia pia ubao wa duka la kubadilisha fedha. Una bei mbili. Ya chini ni ile wanayokulipa ukiwapelekea dola. Ya juu ni ile unayolipa ukitaka dola. Wewe unakwenda kununua dola, basi piga hesabu kwa bei ya juu.

Pengine jirani hajapandisha bei, na wateja watamkimbilia. Hapo unaweza kuuza kwa 37,000 na kukubali faida ndogo. Lakini punguza kiasi unachotoa kwa matumizi ya nyumbani, si fedha ya mzigo. Na usingoje siku ya safari: kila wiki badilisha fedha ya mzigo peke yake iwe dola. Ile ya matumizi iache katika shilingi, kwani kubadilisha kwenda na kurudi kunakula fedha.

Ukikopesha kwa mwezi mmoja, kumbuka deni la shilingi halipandi pamoja na dola. Chukua kwanza fedha ya kurudisha mzigo, kisha faida ndiyo isubiri.

Na dola ikishuka? Hesabu ni ileile: shusha bei mapema, kabla mwenye mzigo mpya hajawachukua wateja wako.

Mwisho wa kila safari, hesabu vipande. Vikipungua, bei yako ilikuwa ndogo au umetoa fedha nyingi mno.