Kutoka au Kubaki: Hesabu ya Kiungo Mkabaji

Tumezoea kumsifu kiungo mkabaji kwa mambo yanayoonekana: mipira aliyopora, washambuliaji aliowaangusha, jasho lililolowanisha jezi. Mhadhara huu unapinga kipimo hicho. Namba sita anayecheza vizuri huwafanya wapinzani waiache pasi waliyoitaka zaidi na kupiga nyingine isiyo na madhara, na pasi isiyopigwa haiandikwi kwenye takwimu. Kwa hiyo swali la lini atoke kwenye nafasi yake haliwezi kujibiwa kwa ushujaa wala kwa ukaribu wake na mpira. Linajibiwa kwa mambo mawili: je, atafika pamoja na mpira, na je, nyuma yake amebaki nani?

Tuanze na maana ya kuwakinga mabeki. Eneo wanalolitamani zaidi washambuliaji ni lile lililo mbele ya mabeki wa kati na nyuma ya viungo. Anayepokea mpira hapo na kugeuka huwaweka mabeki njia panda: beki akimfuata anaacha pengo nyuma yake, akirudi nyuma anamwachia nafasi ya kupiga shuti. Kiungo mkabaji husimama ili mpira usifike hapo. Hamkabi mtu mmoja, anakaa kwenye mstari kati ya mwenye mpira na mtu anayesubiri kupokea. Ndiyo maana hutazama nyuma ya bega lake mara kwa mara, kwa kuwa mstari huo huhama kila mpokeaji anapohama. Mpira ukienda winga ya kulia naye husogea hatua chache upande huo, lakini hafuati hadi chaki, maana mabeki wa kati wangebaki uchi dhidi ya pasi ya kurudi katikati.

Sasa tuje kwenye muda. Chukua pasi ya mita 20 inayokwenda kwa wastani wa mita 13 kwa sekunde. Itafika kwa takriban sekunde moja na nusu. Katika muda huo mchezaji mwepesi anayeanza akiwa amesimama hukimbia mita 8 hivi, akiondoka mara tu mpira unapopigwa. Kama mpokeaji yuko mita 6 kutoka kwake, atafika mpira ukigusa mguu na mpokeaji bado amelipa mgongo lango. Huyo afuatwe. Kama yuko mita 12, atamkuta ameshatuliza mpira, ameshageuka na ameinua kichwa. Kumrukia wakati huo ni kumpa zawadi: mguso mmoja wa pembeni unamtoa kiungo mchezoni, na mabeki wanakabiliwa ana kwa ana. Busara ni kusimama hatua mbili tatu mbele yake, kumfungia njia ya katikati na kumchelewesha hadi wenzake warudi. Ishara za kutoka basi zinajulikana: pasi dhaifu au inayodundadunda, mguso wa kwanza ulioponyoka, mpokeaji aliyebanwa kwenye chaki au aliyeinamia mpira. Kila moja inamwongezea kiungo nusu sekunde aliyokuwa hana.

Ushahidi wa kufikirisha unatoka Porto, Ureno, tarehe 29 Mei 2021, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Pep Guardiola, akiwa kocha wa Manchester City, aliianza mechi dhidi ya Chelsea bila Rodri wala Fernandinho, viungo wakabaji wake wa msimu mzima, na akamweka İlkay Gündoğan chini kabisa ya kiungo. Gündoğan ni fundi, na msimu huo alikuwa mfungaji bora wa Manchester City katika Ligi Kuu akiwa na mabao 13, yaani mtu aliyekuwa ametumia mwaka mzima akiingia kwenye boksi la wapinzani. Dakika ya 42 kipa Édouard Mendy alipeleka mpira kushoto kwa Ben Chilwell, naye akauelekeza kwa Mason Mount. Mount aliupokea, akageuka na kutazama mbele bila mtu wa kumbana. Timo Werner alikimbia kwa mshazari na kumvuta Rúben Dias, pengo likafunguka katikati, na pasi ya Mount ikapita humo hadi kwa Kai Havertz, aliyemzunguka kipa na kufunga. Chelsea walishinda 1-0. Katika kipindi cha pili Guardiola alimwingiza Fernandinho, lakini bao lilikuwa limeshaingia.

Mtu atasema bao lile ni la mabeki: Dias alivutwa, naye Oleksandr Zinchenko hakumfikia Havertz. Ni kweli. Lakini beki huamua kusogea au kurudi kwa kumsoma mwenye mpira. Akiona amebanwa, hukaa juu kwa imani kwamba pasi ndefu haitapigwa vizuri. Akiona yuko huru na ameinua kichwa, hana uamuzi salama uliobaki. Kosa la mwisho lilionekana kwa mabeki, ila tatizo lilianza mbele yao, pale Mount alipoachiwa sekunde ya kugeuka. Bao moja halithibitishi kwamba Rodri angelizuia. Linatuonyesha tu namna kinga inavyokosekana.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika mechi hiyohiyo. N'Golo Kanté aliyetajwa mchezaji bora wa fainali ile alitoka kwenye nafasi yake mara nyingi, akikimbilia mipira pande zote. Je, hilo halivunji hoja yangu? Tazama aliowaacha nyuma. Chelsea walicheza na mabeki watatu wa kati, na pembeni mwa Kanté alikuwepo Jorginho, ambaye alichunga katikati mwenzake alipoondoka. Uhuru wa Kanté ulilipiwa na watu wanne. Mpe uhuru huo kiungo anayecheza peke yake mbele ya mabeki wawili wa kati, huku mabeki wa pembeni wakiwa wamepanda, na kila safari yake itakuwa kamari.

Wengine watasema soka la siku hizi la kukabia juu limefuta yote haya, kwa kuwa namba sita sasa huvuka mstari wa kati kumbana mpinzani. Lakini katika timu zinazofanya hivyo vizuri, mabeki nao hupanda. Umbali kati ya kiungo na safu ya ulinzi unabaki mita chache zilezile, ila umehamishwa mbele. Dalili ya kuharibika ni rahisi kuiona: kiungo amepanda, mabeki wamebaki kwenye boksi lao, na katikati kuna uwanja mtupu ambamo mpinzani mmoja anaweza kupokea mpira na kugeuka. Timu ikifika hapo, kosa ni la mpangilio mzima, hata kama lawama zitamwangukia mmoja.

Kwa hiyo nawaomba makocha na wachambuzi mliopo hapa mbadilishe mnachokihesabu. Kila kiungo mkabaji anapoondoka kwenye nafasi yake, andikeni mambo mawili: mpokeaji alikuwa ameelekea wapi alipofikiwa, na nani alikuwa amesimama mahali kiungo alipotoka. Mpokeaji akiwa amegeuka, au mahali pale pakiwa hapana mtu, hesabuni kosa hata kama mpira ulipatikana.